Cheo cha Bwana Bukuru

Niseme mapema ili tusizungushane: barua pepe niliiandika mimi, kwa vidole vyangu hivi, na hakuna aliyenishikia bastola.

Naitwa Ndeshi. Mwaka 2003 nilikuwa afisa biashara wa kampuni ndogo ya mbegu hapa Arusha, vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya magari. Zamani kuuza mbegu nje ilikuwa kazi ya shirika la umma, wao na mihuri yao. Shirika likafa, soko likafunguliwa, tukaambiwa haya, kila mtu ajitafutie wateja. Bosi wangu, mzee Melkizedeki, akatafuta akampata mnunuzi Bujumbura: tani kumi na mbili za mbegu za maharage. Kilichobaki ni kibali cha kuingiza mbegu Burundi, na hicho hutolewa na idara moja ya serikali yao, kwa Kifaransa. Ofisini kwetu Kifaransa nilikuwa nacho mimi peke yangu, cha miaka miwili ya madarasa ya jioni. Si kingi, lakini mzee Melki alikuwa akinitambulisha kwa wageni kana kwamba nimezaliwa Paris.

Pale idarani nilimpata mtu mmoja kwenye simu, Bwana Bukuru. Alikuwa naibu wa mkurugenzi mkuu. Alizungumza Kiswahili cha kwao Bujumbura, kitamu, cha polepole, na alikuwa mtu mwema. Alinieleza fomu ipi, cheti kipi cha afya ya mimea, nakala ngapi. Mimi nikawa namwita Mkurugenzi. Ndivyo tunavyoishi hapa. Nani Arusha anamwita mtu naibu usoni kwake? Mwalimu mkuu msaidizi anaitwa mwalimu mkuu, kaimu anaitwa bosi, na diwani akipita sokoni anaitwa mheshimiwa hata na asiyempigia kura. Ukimtajia mtu unaibu wake unaonekana una kinyongo naye. Bwana Bukuru alikuwa akicheka kidogo, halafu tunaendelea na mambo ya maharage.

Mwisho akasema, "Sasa leta maombi kwa maandishi, dada. Kwa email inatosha, mradi iwe Kifaransa."

Nikaandika. Juu kabisa nikaweka *Monsieur le Directeur Général*, yaani Bwana Mkurugenzi Mkuu, nikamtumia Bwana Bukuru. Mzee Melki akasimama nyuma yangu akiwa na kikombe cha chai. "Na mkubwa wake mpe nakala," akasema. "Mambo yaende haraka."

Nikampa nakala. Simu ya intaneti ikalialia, barua ikaenda, tukapongezana.

Siku nne kimya. Siku ya tano likaja jibu, na halikutoka kwa Bukuru. Lilitoka kwa mkurugenzi mkuu mwenyewe, mistari mitatu. Idara yetu, aliandika, ina Mkurugenzi Mkuu mmoja tu. Nitafurahi kujua ni lini mlitaarifiwa kuwa kuna mwingine. Pokea, Bibi, salamu zangu. Maharage hakuyagusa hata kwa herufi moja.

Nikapiga simu kwa Bukuru. Karani akasema yuko kikaoni. Nikapiga mchana, bado kikaoni. Kesho yake karani hakutaja kikao tena, akasema tu hayupo, na sauti yake ikawa kama ya mtu anayeangalia mlango. Sikuweza kukaa, sikuweza kusimama. Nilifungua sanduku la barua asubuhi nzima, kila robo saa, mpaka mzee Melki akanikumbusha kuwa laini ile inalipiwa.

Na Ephraimu naye alikuwa haniachi nipumue. Huyu ni mwenyekiti wa wakulima wetu wa Nduruma, waliozalisha ile mbegu. Alikuja ofisini kila siku ya soko, anakaa kwenye benchi, kofia magotini.

"Binti, kimetoka?"

"Bado, baba."

"Wenzetu kule wanapanda mwezi huu wa pili. Ukiingia wa tatu wamemaliza." Alikuwa ameniambia hivyo mara tatu. "Mbegu ile tumeipalilia kama watoto, tumeng'oa kila mche usiofanana. Ikikosa kwenda, itaishia kwenye makande."

"Najua, baba."

"Wiki mbili zimebaki."

Nilikuwa najua kuhesabu wiki. Nilitamani kumjibu vibaya, nikajizuia kwa sababu alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumamosi nikachapisha barua zote mbili, nikaenda Tengeru kwa mwalimu Susana. Alifundisha Kifaransa sekondari miaka mingi, sasa amestaafu, anafuga ng'ombe wawili. Nilimkuta anakata majani ya migomba.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Kuna nini?"

Nikampa karatasi. Akafuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akasoma yangu, akasoma ya mkurugenzi mkuu. Halafu akasoma yangu tena, taratibu, kama anasahihisha mtihani.

"Huyu Bukuru ni Directeur Général?"

"Naibu wake. Nilimheshimu tu."

"Hukumheshimu. Umemvisha koti la bosi wake, halafu ukamwita bosi aje atazame."

Nilitaka kucheka, machozi yakanilenga. Mwalimu akanipa kigoda.

"Sikiliza," akasema. "Sisi kwenye Kiswahili cheo tunakimimina mpaka kimwagike, na hakuna anayeumia. Ofisi ya Kifaransa inampa mtu kile kilichoandikwa kwenye barua yake ya uteuzi, kizima, bila kupunguza na bila kuongeza. Naibu ni *Monsieur le Directeur Général Adjoint*, na hilo neno la mwisho huliachi ukiandika. Ukilipunguza kwenye mazungumzo, watu wanacheka inaisha. Kwenye maandishi, mwenye cheo anauliza nani amekufundisha. Na unadhani atamuuliza nani?"

Nilikuwa nimeshaelewa kwa nini karani aliongea vile.

"Kosa la pili," akaendelea. "Maombi hayaendi kwa naibu na nakala kwa mkubwa. Yanakwenda kwa mkubwa, na kama naibu ndiye anayeshughulikia unaandika hapo juu kwamba yamfikie yeye. Jina la ukoo huliweki kwenye salamu. Usimwite *cher*, yaani mpendwa, hamjuani. Na ukimaliza, cheo kile kile ulichofungulia unakirudia kwenye kuaga, neno kwa neno."

"Na mtu asiye na cheo?"

"*Monsieur*. Basi. Monsieur na mkato." Akanirudishia karatasi. "Haya, andika hapa hapa nione."

Nikaandika magotini. Salamu, radhi, maombi, orodha ya viambatisho, kuaga. Katikati nikaweka aya moja ya ziada: kwamba Bwana Bukuru hakuwahi kujitambulisha kwangu kwa cheo kisicho chake, kwamba kumkuza mtu mdomoni ni desturi ya kwetu, mimi ndiye niliyeitoa kwenye simu nikaipeleka kwenye barua, na lawama ni yangu peke yangu. Mwalimu alibadilisha maneno mawili. Aya ile aliigusa kwa kidole. "Hii usiitoe," akasema.

Jumatatu mzee Melki alisoma tafsiri niliyomwandikia pembeni. Kwanza alitaka niongeze *Excellence*, na udaktari kama anao. Nikamwambia Excellence ni ya mawaziri na mabalozi, na huyu tukimwongezea atadhani tunamkejeli kwa mara ya pili. Akakubali. Halafu akafika kwenye ile aya.

"Hii ya Bukuru inatoka."

"Mzee, yule mtu ameingia matatani kwa ajili yangu."

"Hujui. Unahisi. Ukimtaja unamchongea zaidi, bosi atajiuliza mbona wa Arusha wanamtetea." Akakaa kwenye kona ya meza yangu. "Omba radhi kwa ajili yako, omba kibali, nyamaza. Ephraimu anakuja kesho. Utamwambia ulichelewesha maharage yake kwa kumtetea mtu ambaye hujawahi kumwona?"

Nilikasirika. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii bosi wake, naye akayasikiliza yote kwa utulivu, halafu akauliza tena kama nitaitoa. Nikakiangalia kioo cha kompyuta. Zilibaki siku kumi. Nikaiwekea kivuli ile aya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nikabonyeza, ikapotea. Kisha nikatuma.

Siku nne baadaye faksi ikatema kibali. Mzee Melki alikishika kwa mikono miwili akakisoma kwa sauti, ingawa hakuelewa kitu. Ephraimu alikuwepo kwenye benchi lake. Alisimama, akavaa kofia, akaivua tena, akanishika mkono asiuachie. "Mungu akubariki, binti," akasema. Nilifurahi. Kusema kweli nilifurahi sana, mpaka nilipofika mwisho wa ukurasa.

Pale chini paliandikwa: kwa niaba ya Mkurugenzi Mkuu, na kwa kukasimiwa naye, Naibu Mkurugenzi Mkuu. Sahihi, muhuri, na jina. Jina halikuwa la Bukuru.

Nikafungua barua pepe. Mkurugenzi mkuu alikuwa ameandika kwa adabu safari hii. Mawasiliano yajayo tuyapeleke kwake, tukiandika yamfikie naibu mpya, kwa kuwa Bwana Bukuru ameitwa kwenye majukumu mengine. Nilimpigia simu mwalimu Susana nikamsomea. "Majukumu mengine," akasema, "maana yake hana kazi."

Lori liliondoka Nduruma alfajiri ya Jumamosi, likapita Singida, likavuka mpaka wa Burundi pale Kobero. Mbegu ilifika ikiwa bado kuna siku za kupanda. Mimi nikawa siwezi kula vizuri. Niliuliza-uliza kwa mnunuzi wetu mpaka nikapata anwani ya Bukuru ya nyumbani, nikakaa kwenye kompyuta watu wote walipokwenda chakula. Hapo juu sikuwa na cha kuandika ila neno moja.

*Monsieur*, nikaandika. Na mkato.

Lilionekana tupu mno. Lakini ndilo lililokuwa lake sasa. Chini yake nikaiandika ile aya niliyoifuta, yote kama ilivyokuwa, nikamwambia kwamba niliifuta, na kwa nini. Nikaaga kwa *Monsieur* lile lile, nikatuma kabla sijabadili mawazo.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Hakuandika kwa Kifaransa.

"Dada Ndeshi," aliandika. "Kwenye simu uliniita Mkurugenzi mara saba. Nilihesabu. Kiti kile nimekingoja miaka sita, na wewe ndiye mtu wa kwanza kuniita hivyo. Ningeweza kukusahihisha siku ya kwanza kabisa. Sikukusahihisha, kwa sababu nilipenda kusikia. Usijitese. Huku mvua ni nzuri, nimelima bustani nyuma ya nyumba, na yule mnunuzi wenu amenigawia kilo mbili za mbegu. Zimeota zote."