Komeo la Bi Mayasa

Umeme ulikatika Zeyana akiwa bado dukani, anakunja vitenge. Hakushtuka. Alishtuka alipofika nyumbani na kubonyeza simu mlangoni, simu ikamwambia komeo halionekani.

Mama yake, Bi Mayasa, alikuwa ndani. Tangu kumbukumbu zianze kumpotea, alikuwa akitoka na kutokomea njia ya Mbegani, na Zeyana alikuwa amechoka kumsaka. Ndipo mdogo wake Humaid, fundi wa simu, alipomwekea komeo mlangoni, upande wa ndani: kimota kinachosukuma chuma, na kibao cha saketi kinachopokea amri ya simu kwa Bluetooth. Ufunguo hakuweka, wala kishikio cha ndani. Zeyana mwenyewe alikataa, mama asije akafungua.

Akampigia Humaid, aliyekuwa Msata.

"Umeme ukikatika kibao kinazimika, dada. Mota inabaki ilipokuwa. Lilikuwa limefungwa, basi limefungwa."

"Na mama?"

Humaid akauliza, "Una pawabenki?"

Alikuwa nayo mkobani. Akasogea kwenye dirisha la kando ya mlango. Bi Mayasa alisimama nyuma ya nondo, jasho linamtiririka, kanga imemteleza.

"Nataka kwenda kwetu," alisema. "Wamenifungia."

"Ni mimi nimekufungia, mama. Nisamehe. Shika hii." Akaipenyeza pawabenki. "Unauona waya mweupe ule, karibu na mlango? Uchomoe ukutani."

Bi Mayasa akachomoa chaja nzima, akaileta dirishani kama zawadi, waya ukining'inia mpaka kwenye komeo. Zeyana alitamani kulia. Akautenganisha waya na chaja kupitia nondo, akauchomeka kwenye pawabenki mkononi mwa mama yake.

"Usiiachie, mama. Hivyo hivyo."

Taa ndogo ikawaka kwenye kibao. Simu ikaunganika, Zeyana akabonyeza tena. Mota ikakoroma, chuma kikarudi nyuma, na Zeyana akausukuma mlango. Walikaa sakafuni wote wawili, mama akimpepea kwa ncha ya kanga.

Humaid alifika baada ya Isha, macho yamemwiva kwa safari.

"Weka kishikio ndani, na tundu la ufunguo nje," Zeyana alimwambia. "Na betri ya akiba."

"Betri nayo huisha. Nitakiamuru kibao, ikikaribia kuisha, kifungue komeo kwanza ndipo kizimike. Lakini kishikio kikiwepo mama atatoka."

"Atoke. Weka kengele ilie dukani mlango ukifunguliwa. Nitamfuata."

Humaid akainama kufungua skrubu. "Kuna jingine. Namba ya siri ya kuunganisha ni ile kibao kilichokuja nayo kutoka kiwandani. 1234."

"Yaani mtaa mzima ungeweza kufungua mlango huu?"

"Yeyote aliyekaribia na simu, akajua amri ya kutuma. Naibadilisha sasa hivi."

Zeyana aliwaza tu kwamba alimfungia mama yake asitoke, na mgeni yeyote angeweza kuingia. Akaenda kumwandalia Bi Mayasa maji ya kuoga.