Mkono wa Mfukoni

Kila asubuhi, kabla jiko la hoteli yao ya samaki halijawashwa, Mercyline, msimamizi wao, alikagua mikono ya wapishi huku akiimba kidogo kidogo. Leo wimbo ulikatika. Okinyi, msonga ugali wao, alinyoosha mkono mmoja tu.

"Na mwingine umeuacha nyumbani Migosi?" Terry, mpishi mwenzake, akamtania.

Okinyi akautoa mfukoni polepole. Jipu lilikuwa limepasuka kwenye kidole gumba, linatoa usaha.

"Leo hupiki," Mercyline akasema kwa sauti ndogo. "Hata sahani usiguse mpaka lipone."

"Mbona Terry alijikata jana na anapika?"

"Kidonda chake ni safi. Kimefunikwa chote kwa plasta isiyopitisha maji, na juu kuna glavu. Chako kina usaha."

"Si moto utaua vijidudu, Madam?"

"Utaviua, lakini sumu vinayoacha kwenye chakula haiondoki kwa moto."

Okinyi akaenda zahanati, akarudi na bandeji, akakaa langoni kuita wateja. "Karibuni! Leo ugali umesongwa na mikono mizima!" Watu wakacheka, wakaingia.

Jioni Mercyline akampelekea chai.

"Sikuficha jipu kwa ubishi," Okinyi akasema. "Niliogopa utaona Terry anasonga kunishinda, unifukuze."

Mercyline akatazama kikombe, kisha kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama usoni.

"Ugali wa Terry una madonge. Lakini hata angekushinda, Okinyi, jiko bila wewe halina raha. Pona, urudi."