Mlio Mmoja wa Masingini

Kengele za hitilafu mia nne na kumi na mbili zililia kwenye kompyuta kabla ya chai ya saa nne, na Bwana Talal, mkuu wa zamu katika chumba cha mitambo ya simu, akatoa dawa yake ya siku zote: mnara unaolia sana ndio mgonjwa.

"Nungwi imelia mara themanini. Gari nimeshaituma Nungwi!"

Gari yenyewe moja, fundi mwenyewe Ame, na nusu ya Unguja haina simu.

"Iende Masingini," akasema Jokha, msichana mgeni kazini.

Talal akamgeukia kama aliyekanyagwa kidole. Tangu Jokha aweke programu yake ya kukusanya kengele, mzee yule hakumwangalia kwa jicho zuri.

"Masingini imelia mara ngapi?"

"Mara moja. Hitilafu ya umeme. Dakika moja baadaye ndipo minara ishirini na mitatu inayopitisha mawasiliano kwake ikaanza kukatika na kurudi, kukatika na kurudi. Mlio ule ule wa mnara ule ule naufanya mstari mmoja, naandika tu idadi. Kisha milio yote ya minara hiyo naiweka chini ya mlio wa Masingini. Nungwi ina njia mbili, kila njia inalia peke yake. Ndiyo maana kelele zake nyingi."

"Unanifichia kengele, bibi wee! Mimi nimefanya kazi hii hujaanza kutambaa."

"Na bado unazihesabu kwa vidole, Bwana Talal."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajuta.

"Sawa. Muda wako wa majaribio unakwisha leo," Talal akasema polepole. "Ame akikuta mnara wa Masingini ni mzima, kesho usije."

Jokha akakamata redio ya mawasiliano. "Ame, geuza. Masingini."

"Nshafika Mahonda, dada! Mnanichezea?"

"Geuza, nakwambia."

Wakakaa. Talal hakumwondolea macho. Kwenye skrini mstari ulikuwa mmoja, mwekundu, na namba pembeni yake ikapanda: mia tano, mia tano na sitini.

Redio ikakoroma. "Waya wa umeme umelegea hapa, umeungua mpaka unanuka. Nakaza."

Minara ikarudi, mmoja baada ya mwingine. Mstari haukufungwa mpaka mnara wa ishirini na tatu ulipotulia.

"Umebahatisha," Talal akasema. "Na hizo kengele ulizozifuta nazitaka mezani. Zote."

"Sijafuta hata moja." Akaufungua ule mstari. Kengele zote zikamwagika chini yake, kila moja na saa yake. Akabonyeza printa.

"Kesho zamu saa moja," Talal akasema bila kumtazama. "Ukichelewa, utanitambua."

Akavuta karatasi ya kwanza, akaanza kuhesabu kwa vidole.