Karatasi Moja, Wakubwa Wawili

Daktari wa mifugo na Mwalimu wa chuo waliandika kitabu kimoja cha ufugaji bila kukaa meza moja hata siku moja, na mzigo ukaniangukia mimi mhariri. Kwa Daktari ilikuwa "afisa-mifugo" yenye kistari. Kwa Mwalimu "afisa mifugo" bila kistari. Huyu aliandika "Chuo" kwa herufi kubwa kila mahali kama jina la Mungu, yule kwa ndogo hata pale jina kamili la chuo lilipotajwa. Kurasa mia nne za namna hiyo zingemtoa roho mtu.

Nikatengeneza karatasi ya mtindo. Ni jedwali dogo tu, kwa mpangilio wa alfabeti: neno tulilolichagua, neno tulilolikataa, na maelezo ya lini linatumika. Kwenye D niliandika: *dume: mbuzi na kondoo, kwa ng'ombe tumia fahali.* Kwenye C: *Chuo: herufi kubwa katika jina kamili tu.* Nikawapelekea waandishi wote wawili nikiwaomba kitu kimoja, waniambie kama wana pingamizi.

Wakubwa hao hawaambiwi. Kila mmoja aliifungua karatasi, akairekebisha apendavyo, akaihifadhi kwa jina lilelile, kisha akampelekea moja kwa moja Chapchap, mpanga kurasa wetu, kana kwamba mimi sipo. Chapchap naye hakuuliza. Nusu ya kwanza ya kitabu akaipitisha kwenye karatasi ya Daktari, nusu ya pili kwenye ya Mwalimu, akabonyeza "badilisha zote" na kwenda kunywa chai.

Daktari alikuwa amefuta maelezo yangu ya kwenye D, eti yanajaza nafasi, ikabaki tu kwamba kila dume liwe fahali. Kwa hiyo Alhamisi nilipofungua kurasa zilizopangwa nilikuta "fahali la mbuzi", na sura nzima ya kondoo imejaa mafahali. Mbele kidogo, kuanzia katikati ya kitabu, ambako Mwalimu alikuwa amegeuza kila fahali kuwa dume, madume yalikuwa yamerudi, hata ya ng'ombe. Nikamwita Chapchap.

"Wewe umeona karatasi mbili zenye jina moja, hukushtuka?" nilimuuliza Chapchap.

"Dada, zote zimetoka kwa wenye kitabu. Mimi ningembishia nani?"

"Ungeniuliza mimi!"

"Nilijua utafoka."

Na kweli nilifoka. Bosi akatoka ofisini kwake kuona nani anauawa, akasema kitabu kinaondoka kesho jioni kwenda kiwandani kuchapwa, hata kama mbuzi watazaa ndama.

Kesho hiyo ilikuwa siku ya mama kuruhusiwa kutoka hospitali. Nilikuwa nimemwahidi kwa mdomo wangu, nikiwa nimemshika mkono baada ya upasuaji, kwamba nitakuja mimi mwenyewe kumchukua saa sita, si jirani wala teksi ya barabarani. Alikuwa amenitazama kwa muda kabla ya kusema sawa.

Asubuhi nilirudi kwenye nakala safi, ile ambayo haijaguswa na "badilisha zote" ya mtu yeyote. Karatasi yangu ya mwanzo nikaifunga kwa nywila, nikaandika juu yake: *Anayebadilisha humu ni mhariri peke yake.* Kisha nikaanza kutafuta neno moja moja, nikisoma sentensi kabla ya kulibadilisha, maana mashine haijui mbuzi na ng'ombe. Chapchap alikaa pembeni yangu na adabu zake zote.

"Dada, hii karatasi sasa imekaa sawa," alisema ilipokaribia saa sita. "Niachie nimalizie. Nitasoma kila mstari, naapa."

Nilimtazama. Nilikumbuka kondoo.

"Subiri kwanza," nikamwambia.

Simu ikalia. Ni mama. Nikasema, "Mama, kidogo tu, namalizia." Akajibu, "Haya, mwanangu." Hakuuliza kidogo ni kiasi gani. Nikarudi kwenye herufi M, ambako Mwalimu alikuwa ameandika "malisho" na Daktari "chakula cha mifugo" kwa kitu kilekile, nikazama.

Nilipomaliza na kufika hospitali jua lilikuwa limeshapoa. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Muuguzi aliniambia mama ameondoka zamani, saa sita na dakika chache, gari lilikuwa likimsubiri getini.

Nilimkuta nyumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja juu ya kidonda, anajivua viatu polepole. Nikapiga magoti kumsaidia. Nilianza kumweleza habari za Daktari, Mwalimu na Chapchap, maneno yananitoka yote kwa pamoja.

"Nisamehe, mama. Gari umelipata wapi haraka hivyo?"

"Si haraka," alisema, akinipa mguu wa pili. "Nilizungumza na dereva tangu jana asubuhi."