Bango la Kasa wa Setiu

Ilibaki saa moja bango liende kwa mchapaji, na maneno ya Kimalei yalikuwa yanamwagika nje ya visanduku vilivyopimwa kwa Kiingereza.

"Punguza ukubwa wa herufi tu, dada Mastura," alisema Teoh, mtafiti wa kasa.

"Walinzi wa mayai kule ufukweni Setiu watasimama hatua mbili mbali. Utawasomea wewe?"

Mastura alikuwa ametafsiri mabango miaka kumi na mmoja. Hakuwa na papara. Kando ya grafu paliandikwa "Peratusan anak penyu betina (%)", asilimia ya watoto majike wa kasa. Alifuta neno la kwanza, maana alama ya asilimia ilikwisha kulisema. Akafuta "penyu", kasa, kwa kuwa bango zima ni la kasa. Ikabaki "Anak betina (%)", ikaenea vizuri.

Chini ya grafu Teoh mwenyewe alikuwa amefupisha: "Suhu pasir", joto la mchanga.

"Kipimajoto ulikiweka wapi?"

"Ndani ya kiota, katikati ya mayai."

"Basi huu ni uongo mfupi, bwana mdogo." Akaandika "Suhu sarang", joto la kiota. Ilizidi herufi moja tu.

Wiki iliyofuata, huko Setiu, mzee Deraman, mmoja wa walinzi wa mayai, alifuata mstari wa grafu kwa kidole. "Kumbe kiota kikipata joto sana, wote majike! Tuvitilie kivuli baadhi ya viota, tupate na madume."

Teoh hakuwa ameanza hata kulieleza bango. Mastura alitabasamu, akaenda kujimiminia kahawa.