Namba Iliyoingia kwa Baba Najma

Tangazo la shule liliingia kwenye kundi la wasapu la wazazi wakati Siwema akimpimia mteja lesi ya gauni. Alilichungulia kwa jicho moja, jicho la pili likiwa kwenye futi, maana lesi ukipunja mteja anarudi, na ukizidisha harudi hata kukushukuru. Mteja alipoondoka na kifurushi chake, Siwema akaketi juu ya boksi la zipu, akasoma vizuri.

Shule ilikuwa inawatangazia wazazi kuwa mfumo wa kujifunzia mtandaoni umehamishiwa mahali papya, na nywila zote za zamani zimekufa. Kila mzazi afungue ukurasa wa mfumo, abonyeze palipoandikwa "Umesahau nywila?", aweke namba ya usajili ya mwanafunzi. Hapo ujumbe wenye namba ya uthibitisho utatumwa kwenye simu ya mzazi iliyoandikishwa shuleni. Namba hiyo itadumu dakika kumi tu. Ukishaiingiza, unaweka nywila mpya yenye herufi zisizopungua nane, ndani yake pawe na herufi kubwa na tarakimu. Aliyebadili namba ya simu afike shuleni na kitambulisho chake. Mwisho kabisa, kwa herufi nzito, tangazo lilisema mzazi asimpe mtu yeyote namba hiyo, hata kama mtu huyo atajiita mwalimu.

"Shikamoo Champaben," Siwema aliita kupitia uwazi uliotenganisha duka lake na la jirani. "Nywila ndiyo nini?"

Champaben aliuza vitambaa vya suti na mashuka katika mtaa ule tangu Siwema hajazaliwa, na mjukuu wake Mihir alikuwa kidato kimoja na Najma, binti wa Siwema. "Marahaba. Pasiwedi hiyo, mama. Wameipamba tu. Mimi nimeshamaliza ya Mihir, namba imeingia kabla sijavaa miwani."

Siwema akapata moyo. Najma alikuwa na kazi ya Biolojia ya kutuma kwenye mfumo jioni ile ile, na shuleni hawaruhusiwi simu. Akaona heri amfungulie njia mapema, mtoto akija akute mlango wazi. Akaandika namba ya usajili kama ilivyokuwa kwenye kitambulisho cha Najma alichokipiga picha, akabonyeza, akasubiri.

Kimya. Akabonyeza tena. Simu ikalia, kumbe ni mtu anauliza bei ya vifungo vya kanzu. Akabonyeza mara ya tatu, na safari hii akasoma maneno madogo yaliyokuwa chini muda wote: namba imetumwa kwenye simu inayoishia na arobaini na saba.

Ya kwake iliishia na tisini.

"Ala," akajisemea. Arobaini na saba aliijua. Ilikuwa ya Zahoro, baba Najma, aliyekwenda mwenyewe kumwandikisha mtoto kidato cha kwanza, wakati bado wakila sahani moja. Tangu waachane walikuwa hawagombani, ila hawakuongea pia. Jambo likiwepo, Najma alilibeba: mwambie baba yako viatu vimeisha, mwambie mama yako Jumamosi nakuchukua. Mtoto alikuwa daraja lao, na wote wawili walimpita juu bila kuangalia chini.

Sasa daraja lilikuwa darasani.

Siwema alizunguka duka lake dogo, akapanga nyuzi zilizokwisha kupangwa, kisha akapiga.

"Haloo, nani mwenzangu?" Sauti ya Zahoro ilikuja na kelele za cherehani. Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, na meza yake ilikuwa barazani kando ya mtaa wa Msimbazi.

"Ni mimi. Kuna ujumbe umeingia kwenye simu yako, una namba. Hebu nisomee."

Zahoro akacheka cheko la mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka na sasa kauona ukambaa. "Leo mmeanza mapema. Jana mliniambia nimeshinda pikipiki."

"Zahoro, ni Siwema."

"Siwema namba yake ninayo. Hii siijui."

"Ile laini ilipotea. Hii mpya."

"Ndivyo mnavyosema wote. Namba zimeingia tatu hapa, nimezifuta mbili. Na ningekuwa mjinga ningekutajia hii ya tatu, ukanisafishia simu yote."

Siwema alitamani kukata, lakini akakumbuka Biolojia. "Niulize kitu basi."

Zahoro akafikiri. Cherehani nazo zikatulia, kana kwamba mafundi wenzake walitaka kusikia. "Siku ya harusi, nani aliangusha sinia la pilau?"

"Mjomba wako Mrisho. Ukawaambia watu nimelikwaa mimi na vazi langu."

"Jibu ni sahihi," Zahoro akasema polepole. "Ila watu walikuwa wengi siku ile. Hata tapeli angeweza kualikwa."

Ndipo Siwema akakata simu. Alikasirika, na katikati ya hasira akajikuta anatabasamu, akajikemea. Alipolirudia tangazo, akaona kwa haki kwamba Zahoro, ambaye hayumo hata kwenye kundi la wazazi, ndiye aliyekuwa akilitii kuliko yeye. Wameandika mtu yeyote. Akamwomba Champaben amwangalizie duka, akajifunga mtandio, akaingia mtaani.

Kutoka pale hadi Msimbazi si mbali, ila katikati ya Kariakoo umbali haupimwi kwa hatua, unapimwa kwa watu. Alipishana na mikokoteni ya vyombo vya plastiki, akaruka mtaro, akakataa soksi na chaja na mbeleko, akatokea kwenye baraza la Zahoro jasho likimtiririka.

Zahoro alikuwa kainamia kichwa cha cherehani. Akainua macho, akamwona, akaiangalia simu yake mezani, kisha akamwangalia tena.

"Kumbe ni wewe kweli," akasema.

"Tapeli amekuja mwenyewe, Baba Najma. Lete simu."

Mafundi wenzake wakainamia kazi zao ghafla, kila mmoja akitafuta sindano iliyoanguka. Zahoro akavuta stuli, akaifuta kwa kiganja, akamkaribisha. Siwema akamwonyesha tangazo, naye akalisoma lote, midomo ikicheza. Alipofika kwenye herufi nzito alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Unaona? Usimpe mtu yeyote. Nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi. Haya, weka namba."

Zahoro akaingiza namba ile ya tatu kwenye ukurasa uliokuwa wazi kwenye simu ya Siwema. Ukurasa ukaikataa: muda wake umekwisha. Wakaomba nyingine, na mfumo ukawaambia wasubiri kidogo kabla ya kuomba tena, kwa kuwa maombi yamekuwa mengi. Ikabidi wakae. Muuza kahawa akapita, Zahoro akaagiza vikombe viwili bila kuuliza. Wakanywa. Siwema akamwuliza hali ya mama yake, Zahoro akasema goti linamsumbua, na kwamba kila akiugua humwulizia Siwema. Hilo Najma hakuwahi kulibeba, au alilibeba akakosa pa kulitua.

Mwishowe namba mpya ikaingia, Zahoro akaiweka, na safari hii ukurasa ukafunguka na kuomba nywila mpya.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Zahoro, bila kushauriana na mtu, akaanza kuandika Jangwani.

"Unafanya nini?" Siwema akauliza.

"Herufi nane. Nimehesabu. Na J kubwa. Bado tarakimu tu."

"Mwanangu hawezi kuingia darasani kila siku kwa jina la makao ya Yanga."

"Mwanangu pia. Na yeye ni Yanga."

"Nani kakwambia? Kwangu siku ya mechi anavaa nyekundu. Andika Msimbazi, makao ya Simba, tena umekaa hapo hapo kwenye mtaa wenyewe."

"Nimekaa hapa kwa ajili ya riziki, si kwa mapenzi," Zahoro akajibu, na mafundi waliokuwa wanatafuta sindano wakashindwa kuendelea kuzitafuta. Mmoja akasema aandikwe Simba, mwingine akamwambia Simba haifiki herufi nane, hata kwenye pasiwedi inapungukiwa, na baraza zima likawa uwanja. Siwema alikuwa anabisha kwa mikono yote miwili, na Zahoro kasimama na bisibisi, anacheka hadi machozi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Wakageuka. Najma alikuwa amesimama na sare yake ya shule, begi mgongoni, anawatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Alipitia dukani, Champaben akamwelekeza huku.

"Marahaba," wakaitikia pamoja.

"Mnafanya nini?"

"Tunakuwekea pasiwedi," akasema Siwema.

Najma akanyoosha mkono, akapewa simu. Akatazama. "Imekwisha muda. Mmebishana hadi ukurasa umejifunga."

Wazazi wake wakatazama chini. Najma akaomba namba tena, akasubiri, baba yake akamsomea ujumbe ulioingia kwenye simu yake, naye akaandika. Kisha akageuka, akaegemea nguzo ya baraza, akaificha simu kifuani.

"Nywila ni yangu," alisema. "Mwalimu Wilbert ametuambia hata rafiki yako usimwambie. Nitaiandika, sitaitaja, wala haina timu."

Akaandika, akairudia kama ukurasa ulivyotaka, na jina lake likatokea juu, na chini yake Biolojia, ikisubiri. Najma akaketi pale pale kwenye stuli ya mama yake. Picha za michoro yake ya ua alizipiga juu ya meza ya cherehani, baba yake akimshikia daftari lisipeperuke, mama yake akiwazuia wapita njia wasiweke kivuli. Kabla jua halijazama, kazi ilikuwa imetumwa.

Asubuhi iliyofuata Siwema alikwenda shuleni na kitambulisho chake, kama tangazo lilivyowataka waliobadili namba. Karani, dada mmoja aitwaye Klara, akamfungulia taarifa za Najma kwenye kompyuta. "Tuitoe hii ya arobaini na saba, tuweke yako?"

Siwema akaiangalia ile namba kwenye kioo. "Inakubali mbili?"

"Inakubali. Ila ujumbe wote utakuwa unaingia kwenu wote wawili. Matokeo, ada, mikutano."

"Basi ongeza yangu. Hiyo iache ilipo."

Alikuwa hajafika hata nusu ya njia ya kurudi dukani simu ilipolia. Mwalimu alikuwa amesahihisha Biolojia, na ujumbe ulikuwa umeingia. Kabla hajamaliza kuusoma, simu ikaita. Jina lilikuwa la Zahoro. Siwema alikuwa ameliandika jina hilo kwenye laini yake mpya jana, akiwa barazani.

"Mama Najma," Zahoro akasema, akipiga kelele kuzishinda cherehani. "Umeona? Themanini na mbili. Wewe unajua stameni ni kitu gani?"

"Sijui," Siwema akasema, akisogea pembeni kupisha mkokoteni. "Tutamwuliza akitoka shule."

"Jumamosi nakuja kumchukua. Nitapita dukani mwenyewe."

"Pita," akasema Siwema.