Na ya Kutolea

Kwa miaka sita, mashine ya malipo ya kituo cha vifaranga ilikuwa keshia mwenyewe. Simu ya ofisi ikilia, anasoma ujumbe wa pesa, anapekua daftari la oda, anapiga tiki kwa kalamu nyekundu. Basi Bosi akamleta shemeji yake na kompyuta, na keshia akaambiwa mwezi ukiisha ataangaliziwa pa kuwekwa. Pa kuwekwa! Utadhani kabati.

Shemeji hakuwa mtu mbaya, ila alijua mno. "Programu inasoma ujumbe yenyewe," alieleza. "Mteja akiandika namba ya oda, imeisha. Asipoandika, tunaangalia namba yake ya simu. Nayo ikiwa ngeni, tunatafuta oda yenye kiasi hicho hicho. Ikipatikana moja tu, inapita."

"Na akituma pungufu?"

"Oda inasubiri, anatumiwa ujumbe amalizie." Kisha akamuuliza kama wateja wana mazoea yoyote wanapotuma pesa.

"Wanatuma wanachodaiwa," keshia alijibu huku akikata kucha. "Ulitaka watume nini, salamu?"

Alikuwa na mambo chungu nzima ya kumwambia, lakini kinyongo kilimzuia. Mtu anakuja kukunyang'anya kazi, halafu umshikie ngazi?

Siku mbili za kwanza programu ilikwenda vizuri hadi ikaudhi. Mteja aliyeandika "Mungu awabariki" mahali pa namba ya oda alitambuliwa kwa simu yake. Aliyepunguza elfu mbili alikumbushwa, akamalizia bila kelele. Keshia alianza kuhesabu vitu vyake mezani.

Siku ya tatu vifaranga walitoka, na kufika saa nne kreti zilikuwa zimekwisha. Ndipo akaingia Mama Pacha, mteja wa siku nyingi, na boksi zake tupu kichwani. Oda yake ilikuwa vifaranga sitini, laki moja na hamsini. Kwenye kioo ilisomeka: haijalipwa.

"Haijalipwa na nani? Nimelipia jana kwa wakala wa stendi, simu yangu ilizima!" alisema. "Banda nimeshalipasha moto, taa inawaka tangu usiku. Nikikosa leo ni wiki tatu tena!"

Shemeji akapekua. Kutoka kwa yule wakala uliingia ujumbe mmoja tu, bila namba ya oda: laki moja na hamsini na tano. Programu ilikuta oda moja tu ya kiasi hicho, vifaranga sitini na dawa ya elfu tano, ikaipitisha. Mwenye oda hiyo, jamaa mmoja anayeitwa Buti, alikuwa uani anafunga kreti kwenye pikipiki kwa haraka ya kutia shaka.

Bosi akamwita. Buti akaonyesha simu yake. "Ujumbe wenu unasema malipo yamepokelewa. Mimi nibishane na ofisi? Na mimi nilituma kwa wakala huyo huyo. Kiasi ni changu, mpaka senti ya mwisho."

"Yangu hiyo!" Mama Pacha akamaka. "Laki moja na hamsini, na elfu tano ya kutolea, kama mnavyotuambia siku zote!"

"Nani anawaambia?" Bosi akauliza. "Hapa hatuna kitu kama hicho, mama. Usitutungie."

Mama Pacha akamtazama keshia. Hakumtaja. Alimtazama tu, boksi bado kichwani.

Loo. Keshia akapiga hesabu. Akinyamaza, programu inaonekana takataka na kiti chake kinabaki. Akisema, Shemeji anarekebisha mstari mmoja na yeye anakwenda kuwekwa huko pa kuwekwa. Akayaangalia yale maboksi. Yalikuwa yametobolewa matundu ya hewa kwa uangalifu mkubwa.

"Mimi ndiye ninayewaambia," akasema. "Kila ukinituma kutoa pesa unataka hesabu kamili, Bosi, na makato unaniachia mimi. Ningeyatoa wapi? Kwa hiyo nusu ya wateja wanaongeza ya kutolea. Mama huyu kila oda, tazama daftari." Akamgeukia Buti. "Na wewe uliyelipa, tupe risiti ya wakala."

Buti akajipapasa mifuko yote, hata ya mgongoni ambayo hakuwa nayo, kisha akaanza kufungua kamba za kreti polepole.

Bosi akalitupia jicho daftari. Alipoongea, aliongea na meza. "Makato nitalipa mimi."

Shemeji alikuwa ameshafuta ile kanuni yake. "Kiasi kufanana peke yake hakutoshi," alinung'unika. "Pesa isiyo na namba ya oda wala simu inayojulikana, mtu aiangalie kwanza." Akainua macho, uso umemshuka. "Dada, kuna jingine ulilonificha?"

Keshia alimsaidia kwanza Mama Pacha kuhamisha vifaranga. Aliporudi alivuta kiti, akajaza nafasi yote ya meza kwa daftari la miaka sita.

"Shemeji," akasema, "umekunywa chai?"